Mizania ya Odoo inabalansi lakini hailingani na ya mhasibu wa Lubumbashi: tofauti FC milioni 26.5 (SYSCOHADA)

Mtunza_Daftari

Wakuu salaam. Niko Dar, nasimamia hesabu za kampuni ya malori yenye kampuni tanzu Lubumbashi. Kule wanatumia Odoo 17, ile ya kulipia. Ripoti ya mizania iliyokuja na mfumo mshauri aliinakili akaipanga upya ili ifanane na fomu ya SYSCOHADA, mpangilio wa hesabu unaotumika Kongo, mistari ile ile yenye herufi AD, AE hadi BZ upande wa mali, na CA hadi DZ upande wa pili.

Nikivuta mizania ya 31/12/2024, BZ inasoma milioni 612.0 na DZ milioni 612.0. Nikafurahi. Mhasibu wa kule, ambaye ndiye anayesaini, akaniletea ya kwake aliyoiandaa kwa mkono kutoka urari ule ule: 638.5 pande zote mbili. Yake inabalansi, yangu inabalansi, na urari ni mmoja. Tofauti 26.5.

Jambo la pili, taarifa ya mapato. Faida halisi kwenye mstari XI imeizidi ile iliyo kwenye mizania mstari CJ kwa milioni 84.0 kamili. Kwanza nilidhani ni kodi, lakini kodi ni ndogo kuliko hapo.

Nianzie wapi?

babaMwajuma

Kaka pole. Hii ilinitokea na mimi kwenye ritani ya TRA, mfumo wangu ni QuickBooks. Tatizo lilikuwa tarehe, ripoti ilikuwa inavuta hadi Juni badala ya Desemba. Angalia tarehe.

Mtunza_Daftari

Asante mzee, tarehe ni sawa. Urari umelingana senti kwa senti. Kinachotofautiana ni namna ulivyopangwa kwenye mistari.

Kijana_ERP

Mkuu hiyo rahisi sana. Una ovadrafti? SYSCOHADA haitaki utoe deni la benki kwenye fedha za benki nyingine. Benki yenye fedha inakaa BS upande wa mali, yenye ovadrafti inakwenda DR upande wa madeni. Mshauri wako ameweka `52` tupu kwenye BS, kwa hiyo Odoo inazijumlisha zote zinazoanza na 52, yenye fedha na yenye deni, na wewe unaona kilichobaki.

Dawa ni herufi D na C. Weka D kwa salio la debiti na C kwa la krediti. Fanya hivyo kwenye 52, fanya na kwenye 40, fanya na kwenye 41, umemaliza.

Mtunza_Daftari

Benki zipo mbili. 521100 ina debiti 48.0, na 521200 ina krediti 12.5. Kwenye ripoti naona 35.5 pamoja na keshi 3.5. Kumbe ndiyo hiyo!

Nimejaribu kama ulivyosema. BS nimeweka `52D + 57`, na DR nimeongeza `52C`. Sasa haibalansi tena. BZ 624.5 na DZ 599.5. Tofauti 25.0. Afadhali ya jana.

Fundi_Kolwezi

Jambo wandugu. Mtunza, usirudi nyuma, uko njiani. Hiyo 25.0 inakwambia jambo lenyewe: gawanya kwa mbili unapata 12.5, ni ovadrafti yako. Pengo likiwa mara mbili ya salio la akaunti, ujue alama imegeuka. Likiwa sawa na salio lenyewe, akaunti imesahaulika au imeingia mara mbili.

Kwa Odoo, salio ni debiti kutoa krediti. Ovadrafti ya 12.5 mfumo unaiona kama −12.5, na `52C` inakuletea −12.5. Upande wa madeni fomu inataka namba chanya, kwa hiyo kila fomula ya upande ule unaitangulizia alama ya kutoa:

```
BS   52D + 53D + 57
DR   -52C - 53C - 561 - 566
```

Nimeongeza 53 kwa sababu taasisi nyingine za fedha zinakaa mle na zinageuka vile vile. 561 na 566 ni mikopo ya muda mfupi ya benki na riba yake, hizo ni za DR siku zote. Kwako zitakuwa sifuri pengine, lakini ziache, siku mtakapokopa ripoti isikuangushe.

Ukisharekebisha utapata 624.5 pande zote mbili. Mhasibu wa Lubumbashi ana 638.5, zimebaki 14.0. Na hapo ndipo simkubalii Kijana. Ile D na C kwenye 40 na 41 haitakusaidia.

Kijana_ERP

Kwa nini isisaidie? Kanuni ni ile ile. Saplaya uliyemlipa kabla hajakuletea mali unamdai, salio lake ni debiti, `40D` itamkamata.

Fundi_Kolwezi

Haitamkamata, kwa sababu Odoo inaangalia salio la akaunti. Salio la mtu haiangalii. Kila benki ina akaunti yake katika chati, ndiyo maana 52 ilikubali. Lakini masaplaya wote, hata wakiwa mia, wanakaa ndani ya 401100 moja. Mfumo unajumlisha 401100 yote kwanza, ndipo unauliza: hii ni debiti au krediti? Jibu ni krediti, na `40D` inabaki mkono mtupu.

Mtunza, fungua leja ya wabia, chuja 401100, panga kwa salio hadi 31/12. Utuambie umeona nini.

Mtunza_Daftari

Aisee. 401100 kwa ujumla ni krediti 96.0. Nikiifungua kwa majina, tunaodaiwa nao ni 110.0, na yupo mmoja, muuza dizeli, ana debiti 14.0. Tulimlipa Desemba, mafuta yamekuja Januari.

14.0 ndiyo iliyobaki. Jumla 26.5 imetimia.

Kijana umenipa nusu na Fundi umenipa nusu, nawashukuru wote. Swali sasa: naipangaje ili mwakani isijirudie?

Fundi_Kolwezi

Hii si kazi ya ripoti, ni kazi ya uingizaji. Malipo ya awali kwa saplaya yana akaunti yake katika SYSCOHADA, 4091, nayo inakwenda mstari BH upande wa mali. Amana za wateja zina 4191, zinakwenda DI upande wa madeni. Fomula za hiyo mistari zinakuwa nyepesi:

```
BH   409
BI   41\(419)
DI   -419
DJ   -40\(409)
```

Ule mkwaju na mabano maana yake chukua zote zinazoanza na 40 isipokuwa zinazoanza na 409. Bila huo mkwaju, 409 itaingia DJ na BH kwa pamoja na hautabalansi. (Kwenye BI akaunti za 491, yaani upunguzo wa thamani wa madeni ya wateja, zinakaa safu ya pili, nimeziacha ili nisichanganye.)

Sasa tatizo la kweli: mtu wa malipo hakumbuki 4091. Analipa saplaya kwa njia ya kawaida, Odoo inaandika 401100 maana ndiyo akaunti ya deni iliyo kwenye kadi ya yule saplaya. Hakuna fomula itakayorekebisha hilo. Mwisho wa mwaka unapitia leja ya wabia, kila saplaya mwenye debiti unamhamisha 401100 kwenda 4091 kwa ingizo la 31/12, na unaweka ingizo la kugeuza la 1/1 ili Januari ankara ikija iungane na malipo yake. Ingizo la kugeuza Odoo inakutengenezea yenyewe ukiipa tarehe.

Shangazi_Hesabu

Nimesoma kimya, acha nichangie kutoka Nairobi. Sisi tuko SAP, na nimekutana na jambo hilo hilo. Kule mpangilio wa mizania unajengwa kwa OB58, na kila akaunti unapoiweka kwenye mstari kuna vitiki viwili, kimoja cha salio la debiti na kimoja cha krediti. Ukitaka benki igeuke upande, unaiweka akaunti ile ile mara mbili, mara moja kwa kila kitiki. Ni ile ile D na C ya Kijana.

Na kikomo ni kile kile alichosema Fundi: vitiki vinaangalia akaunti nzima. Kwa wateja na masaplaya SAP inayo programu ya pekee, FAGLF101, inayopita jina kwa jina, inahamisha wenye salio lililogeuka, halafu inarudisha siku inayofuata. Yaani unachofanya kwa mkono Lubumbashi, kule ni programu, lakini hesabu ni moja.

Ila nina swali. Huku kwetu IFRS haikulazimishi mpangilio wa herufi hizo. IAS 1 inataja vitu ambavyo lazima vionekane, lakini haikuambii uanze na nini wala utumie namba gani. Kwa nini mnahangaika na BS na DR? Si mnaweza kuandaa mnavyotaka mradi ukweli uonekane?

Fundi_Kolwezi

Dada, huku hatuchagui. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na mpangilio uliofanyiwa marekebisho unatumika tangu 1/1/2018. Mistari, mfuatano wake, herufi zake na safu zake vyote vimepangwa, na kila mtu anasoma fomu moja kuanzia Dakar hadi Lubumbashi. Ukihamisha mstari, faili la kodi halikubali.

Lakini hilo la kutotoa deni kwenye mali si la SYSCOHADA peke yake, hata IAS 1 yenu inalikataza isipokuwa pale kiwango kinaporuhusu. Kwa hiyo ile 26.5 ingekuwa kosa hata Nairobi, ila mngechelewa kuiona, kwa kuwa hakuna mtu wa pili anayejaza fomu ile ile kwa mkono.

Shangazi_Hesabu

Hapo umenishika 😄 Na sisi uhuru huo unapungua. IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1 kwa miaka inayoanza 1/1/2027, na taarifa ya mapato itakuwa na mafungu ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, pamoja na jumla ndogo za lazima. Tutaanza kupanga upya kama nyie.

Mtunza_Daftari

Turudi kwenye XI jamani. Kampuni inasafirisha mizigo lakini inauza pia matairi. Namba ni hizi, kwa milioni:

TA mauzo ya bidhaa 84.0, RA manunuzi −60.0, RB mabadiliko ya stoo −4.0, na XA inasoma 20.0.
TC usafirishaji 410.0, TD mapato ya ziada 6.0, na XB inasoma 500.0.

XI imezidi CJ kwa 84.0. Sasa hivi ndiyo naona kwamba 84.0 ni TA yenyewe. Lakini sijui inaingia wapi mara mbili.

Kijana_ERP

Angalia kama akaunti 701 iko kwenye mistari miwili.

Mtunza_Daftari

Iko TA tu. Nimepitia zote.

Fundi_Kolwezi

Usitafute kwenye akaunti, tafuta kwenye jumla. Nipe fomula ya XC.

Mtunza_Daftari

`XA.balance + XB.balance + TE.balance + ...` inaendelea hadi RJ.

Fundi_Kolwezi

Ndiyo hiyo. Huu mtego umewanasa wengi, kwa sababu macho yanasema XA ni jumla ndogo, XB ni jumla ndogo, inayofuata inazijumlisha. Fomu haiko hivyo. XA ni faida ghafi ya biashara, nayo ina TA ndani yake. XB ni mauzo yote ya kampuni, TA jumlisha TB, TC na TD, nayo pia ina TA ndani. Ukizijumlisha, mauzo ya matairi yamehesabiwa mara mbili. 20 na 500 inakupa 520, ilhali sahihi ni 500 ukitoa 60 na 4, yaani 436. Tofauti 84.

Fomu yenyewe inasema XC inaanza na XB, RA na RB. XA ni mstari wa kuangaliwa tu, haubebwi kwenda chini.

```
XA   TA.balance + RA.balance + RB.balance
XB   TA.balance + TB.balance + TC.balance + TD.balance
XC   XB.balance + RA.balance + RB.balance
     + TE.balance + TF.balance + TG.balance + TH.balance + TI.balance
     + RC.balance + RD.balance + RE.balance + RF.balance
     + RG.balance + RH.balance + RI.balance + RJ.balance
```

(XC iandike mstari mmoja kwenye mfumo, hapa nimeikata isomeke.)

Kampuni isiyouza bidhaa haitauona mtego huu kamwe, maana TA yake ni sifuri. Mshauri wako pengine aliujaribu mpangilio kwa kampuni ya huduma tupu, ukakubali.

Na alama: kwenye taarifa ya mapato fanya desturi moja. Kila mstari wa akaunti uanze na alama ya kutoa, wa mapato na wa gharama. `-701` inakupa 84.0 chanya, `-601` inakupa 60.0 hasi. Baada ya hapo jumla zote ni kujumlisha tu, hakuna kutoa mahali popote. Ukianza kuchanganya, gharama chanya hapa, hasi kule, siku moja stoo itaongezeka badala ya kupungua, RB itageuka alama, na hakuna atakayejua.

Mtunza_Daftari

Imekaa. XI na CJ ni sawa sasa.

Lakini nimejiuliza, kwa nini mizania ilibalansi muda wote huo wakati XI ilikuwa na kosa la 84? Nimefungua CJ nikaona mshauri aliandika `-6 - 7 - 8` moja kwa moja. Haisomi XI kabisa.

Fundi_Kolwezi

Na mimi ningeiacha hivyo hivyo. CJ ikitoka kwenye akaunti na XI ikitoka kwenye mistari, una njia mbili za kufika faida moja, moja inamkagua mwenzake. Ukiiunganisha CJ na XI, kosa la taarifa ya mapato litaharibu mizania, utahangaika kulitafuta upande usio wake.

Ongeza mstari mmoja chini kabisa, ambao hauchapishwi, wa kutoa CJ kwenye XI. Ukisoma chochote tofauti na sifuri, simama.

Shangazi_Hesabu

Hapo mimi natofautiana kidogo. Mkaguzi wangu alitaka faida ya mizania ivutwe kutoka taarifa ya mapato, ili msomaji asione namba mbili hata kwa bahati mbaya. Mstari wa ukaguzi usiochapishwa ni mzuri kama kuna mtu anauangalia.

Fundi_Kolwezi

Sawa dada, ni mapenzi. Ila asiyeangalia mstari wa ukaguzi hataangalia kitu kingine.

Mtunza, swali moja: kampuni ilianza lini kutumia Odoo?

Mtunza_Daftari

Januari 2023. Huu ni mwaka wa pili.

Fundi_Kolwezi

Basi angalia CJ inahesabu kuanzia lini. Mistari ya mizania inasoma tangu mwanzo wa dunia, `from_beginning`, na ndivyo inavyopaswa. Lakini CJ ni faida ya mwaka huu tu, inapaswa kuwa `from_fiscalyear`. Odoo haikulazimishi kufunga mwaka, akaunti za 6 na 7 za 2023 zinabaki na masalio yake. Ikiwa CJ ni tangu mwanzo, faida ya 2023 imo ndani ya faida ya 2024. Ikiwa ni ya mwaka huu, ile ya 2023 imeachwa bila mstari, na mizania itapungukiwa kiasi hicho hicho.

Mtunza_Daftari

Ni ya mwaka huu. Na mizania inabalansi kwa sababu mhasibu wa Lubumbashi aliifunga 2023 kwa ingizo, faida ikaenda 13, halafu baada ya mkutano wa wanahisa mwezi wa sita akaigawa, nyingine akiba, nyingine 12. Nimeona maingizo yote.

Fundi_Kolwezi

Mpe mkono wangu huyo mhasibu. Wengi hawafungi, wanaiacha Odoo ionyeshe faida ya zamani kwenye akaunti yake ya 999999. Akaunti hiyo inaanza na 9, hakuna mstari wa SYSCOHADA unaoiita, ikawa shimo.

Kijana_ERP

Si unaongeza `-999999` kwenye CH tu? CH ni faida iliyobaki ya miaka ya nyuma. Mimi nimefanya hivyo kwa wateja wawili na hakuna aliyelalamika.

Fundi_Kolwezi

Pengine itabalansi. Lakini CH inaonyesha kile wanahisa walichoamua kibaki. Kabla ya mkutano hakuna aliyeamua lolote. Ukichapisha mizania ya katikati, Machi kwa mfano, faida ya mwaka jana ambayo haijagawiwa inakuwa imekaa mahali pasipo pake.

Kijana_ERP

Nani anachapisha mizania rasmi Machi?

Shangazi_Hesabu

Benki inayokukopesha 😄

babaMwajuma

Samahani wakuu, hiyo menyu ya kubadilisha mistari iko wapi? Kijana wangu kaniwekea Odoo ya bure na sioni chochote.

Fundi_Kolwezi

Mzee, kwenye ya bure hautaziona ripoti hizo za mizania, ziko kwenye ya kulipia. Ukiwa nayo, washa hali ya msanidi, ingia Accounting, Configuration, Accounting Reports. Na usiguse ripoti ya mfumo, nakili kwanza, ya kwako iwe pembeni.

Mtunza_Daftari

La mwisho, nisamehe kwa usumbufu. Fomu ya upande wa mali ina safu nne: thamani ghafi, uchakavu, halisi ya mwaka huu, na halisi ya mwaka jana. Malori yetu yako 245 na uchakavu wake 2845. Safu tatu nimezipata, kila mstari nimeupa fomula tatu, mstari AN unakaa hivi:

```
AN  ghafi     245
AN  uchakavu  -2845 - 2945
AN  halisi    AN.ghafi - AN.uchakavu
```

Lakini nikiwasha ulinganisho na mwaka jana, Odoo inanirudishia safu zote tatu za mwaka jana. Nataka halisi tu.

Fundi_Kolwezi

Ulinganisho unarudia safu zote, ndivyo ulivyo. Mimi natoa kwenye Ekseli, nafuta safu mbili, naendelea na maisha.

Kijana_ERP

Inawezekana kwa kuandika moduli ndogo. Nina moja nusu, kwenye 16 ilifanya kazi, kwenye 17 inagoma.

Mtunza_Daftari

Itume hivyo hivyo ilivyo, nitamwonyesha fundi wetu. Kwa sasa Ekseli. Mhasibu wa Lubumbashi ameniambia hata yeye anafuta.